Muhtasari wa Kompyuta Iliyopotea: Wakati wa Ugunduzi na Ushahidi wa Udhibiti

Kompyuta mpakato ya ofisi inapopotea au data inapovuja, andiko la kwanza ambalo timu ya usalama wa mifumo hulihitaji ni muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, unaoandikwa wakati mambo mengi bado hayajulikani na unaosomwa na watu wenye maamuzi tofauti mbele yao. Mchunguzi huusoma ili ajue ni kumbukumbu zipi za mifumo azihifadhi kabla hazijafutika, mkuu wa kitengo huusoma ili aamue kama akaunti zifungwe, na mwanasheria huusoma akihesabu saa zilizobaki kabla taasisi haijavuka muda wa kuitaarifu mamlaka. Sehemu mbili za muhtasari huo ndizo zinazoharibika mara nyingi kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni wakati wa ugunduzi, na ya pili ni udhibiti, yaani hatua zinazochukuliwa ili madhara yaliyokwisha kuanza yasiendelee kuenea. Zote mbili huandikwa kwa sentensi moja moja, na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu ugunduzi una nyakati kadhaa zinazopaswa kutenganishwa, na udhibiti una njia kadhaa ambazo kila moja huhitaji uthibitisho wake.

Tukio linaloonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko mengi lilitokea Marekani mwaka 2006. Tarehe 3 Mei mwaka huo, wezi walivunja nyumba ya mchambuzi wa data wa Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, katika jimbo la Maryland, wakachukua kompyuta mpakato pamoja na diski ya nje iliyokuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 26.5. Data hiyo haikuwa imesimbwa, yaani haikuwa imegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Mfanyakazi huyo hakuficha jambo: aliwaarifu polisi na wasimamizi wake siku ileile. Hata hivyo Waziri mwenye dhamana, Jim Nicholson, alipata habari tarehe 16 Mei, siku 13 baadaye, na umma ulitangaziwa tarehe 22 Mei.

Ni rahisi kuuita ucheleweshaji huo uzembe tu, na Mkaguzi Mkuu wa idara hiyo, katika ripoti yake ya Julai 2006, aliwalaumu wasimamizi kwa kutochukua hatua kwa uharaka uliolingana na uzito wa jambo. Lakini ukilitazama tukio hilo kwa jicho la mwandishi wa muhtasari, unaona pia kwamba swali la lini idara ilijua lina majibu manne, na yote manne ni ya kweli. Idara ilijua tarehe 3 Mei kwa maana ya kwamba wasimamizi wa mhusika walijua. Ilijua siku zilizofuata kwa maana ya kwamba maafisa wa usalama wa taarifa walipokea habari. Ilijua tarehe 16 kwa maana ya uongozi wa juu, na ilijua ukubwa kamili wa tukio baadaye zaidi, kwani ni mwezi Juni ilipotangazwa kwamba miongoni mwa waliohusika walikuwamo pia hadi watu milioni 2.2 waliokuwa bado katika utumishi wa kijeshi, jambo ambalo maelezo ya awali hayakulisema. Muhtasari unaoandika tarehe moja tu ya ugunduzi katika mazingira kama hayo huwa umechagua jibu moja kati ya manne bila kumwambia msomaji kwamba umechagua.

Serikali ya Marekani iliitikia haraka. Tarehe 23 Juni Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ilizitaka taasisi za serikali kuu kusimba data nyeti iliyomo katika vifaa vinavyobebeka, na Julai ikaongeza kwamba matukio yanayohusu taarifa binafsi yaripotiwe katika kituo cha kitaifa cha kushughulikia dharura za kompyuta ndani ya saa moja tangu kugunduliwa. Saa moja ni muda mfupi sana kwa mtu anayetaka kwanza kukusanya habari zote, na hiyo ndiyo faida yake: agizo la namna hiyo linamlazimisha mwandishi kutoa muhtasari wenye mapengo yanayoonekana, badala ya kungoja muhtasari uliokamilika ambao ungefika umechelewa.

Nyakati ambazo muhtasari unapaswa kuzitenganisha ni chache, na kila moja ina chanzo chake. Wakati wa kutokea ni ule ambao kifaa kilitoka mikononi mwa mhusika, na mara nyingi haujulikani kwa nukta moja bali kwa kipindi, kati ya mara ya mwisho kifaa kilipoonekana na mara ya kwanza kilipokosekana. Kuuandika kama nukta ni kosa, kwa sababu mchunguzi atakayepekua kumbukumbu za kuingia kwenye akaunti ataanzia kwenye nukta hiyo na kuacha saa mbili au tatu ambazo huenda mwizi alikuwa tayari na kifaa. Wakati wa ugunduzi ni ule ambao mtu yeyote wa taasisi alitambua upotevu. Wakati wa taarifa ni ule ambao habari ilifika kwa wenye wajibu wa kuchukua hatua, na huu nao hugawanyika, kwani msimamizi wa idara na timu ya usalama huweza kutofautiana kwa saa au siku. Baada ya hapo kuna wakati wa kutambua maudhui, yaani saa ambayo taasisi ilielewa kwamba kilichopotea kina taarifa za watu na si kifaa tu. Nyakati hizi zikiandikwa kwa mfuatano, mapengo kati yake huanza kusema yenyewe: pengo kati ya ugunduzi na taarifa huonyesha kama wafanyakazi wanajua pa kupiga simu, na pengo kati ya taarifa na udhibiti huonyesha uwezo wa timu.

Kwa waandishi wa Afrika Mashariki kuna mtego mmoja katika hesabu hii ambao miongozo ya kigeni haiutaji. Mhusika akihojiwa kwa Kiswahili atasema aliikosa kompyuta saa tatu usiku, akimaanisha saa inayoandikwa 21:00, lakini mifumo mingi ya kompyuta huweka kumbukumbu zake kwa saa za kimataifa, yaani UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa tatu, hivyo dakika hiyohiyo katika kumbukumbu itasomeka 18:00. Mwandishi akichanganya hesabu hizi anaweza kupata mfuatano ambamo kompyuta ilitumiwa na mwizi kabla haijaibwa, au kibaya zaidi, mfuatano unaoonekana sawa ilhali umekosea, ambamo matumizi ya mwizi yanahesabiwa kuwa ya mwenye mali. Njia salama ni kuandika kila wakati kwa mtindo wa saa 24, kutaja ukanda wa saa mara moja juu ya ukurasa, na kumrudishia mhusika saa yake kwa kumuuliza jua lilikuwa limetua au la.

Sheria nazo zina saa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 43, inamtaka mdhibiti wa data, yaani taasisi inayoamua data ikusanywe kwa lengo gani, amtaarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua kuhusu ukiukaji wenye hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data, na akichelewa aambatishe sababu. Mchakataji, yaani anayeishughulikia data kwa niaba ya mdhibiti, anatakiwa kumtaarifu mdhibiti ndani ya saa 48. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya inatumia saa 72 vilevile. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na mamlaka inayosimamia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Katika sheria zinazohesabu saa, uzito wote umo katika neno kujua. Wasimamizi wa ulinzi wa data wa Ulaya wameeleza kwamba taasisi huhesabiwa kuwa inajua pale inapokuwa na uhakika wa kiasi cha kuridhisha kwamba tukio la usalama limezifikia taarifa za watu, na mfano wao ni wa flashi yenye data isiyosimbwa: mdhibiti hujua anapotambua kwamba flashi hiyo imepotea, hata kama hawezi kuthibitisha kwamba kuna aliyeisoma. Maelezo hayo yanafunga mlango wa kisingizio kinachotumiwa sana, kwamba saa haijaanza kwa sababu uchunguzi haujakamilika. Kwa hiyo muhtasari uliotenganisha nyakati humpa mwanasheria uwezo wa kuhesabu kutoka mwanzo ulio salama zaidi, na ule uliobandika tarehe moja humnyima uwezo huo.

Udhibiti ndio sehemu ambayo mihtasari mingi huandika maneno makubwa yenye ushahidi mdogo. Sentensi inayosema kwamba kifaa kilifutwa kwa mbali na nywila ikabadilishwa huonekana kumaliza jambo, lakini ndani yake mna madai matatu yasiyothibitishwa. Kufuta kwa mbali ni amri inayotumwa na mfumo wa usimamizi wa vifaa, ule unaoiwezesha ofisi kuona na kuongoza kompyuta zake popote zilipo, na amri hiyo hubaki ikisubiri hadi kompyuta iwashwe na kuunganishwa na intaneti. Mwizi asipoiunganisha kamwe, amri haitekelezwi kamwe, na mfumo utaendelea kuonyesha kwamba inasubiri. Kwa sababu hiyo kila hatua ya udhibiti huhitaji nyakati mbili katika muhtasari, wakati ilipoagizwa na wakati ilipothibitishwa, na pale ambapo uthibitisho haupo, nafasi yake iachwe wazi huku ikitajwa kuwa wazi.

Kubadilisha nywila nako kuna mipaka ambayo wasio wataalamu hawaitambui. Kompyuta yenye mfumo wa Windows huhifadhi ndani yake alama ya nywila ya mwisho iliyotumika, ili mtumiaji aweze kuingia hata akiwa mbali na mtandao wa ofisi, na kompyuta iliyopotea ambayo haijawasiliana tena na ofisi itaendelea kuikubali nywila ya zamani. Zaidi ya hapo, programu za barua pepe na za kuhifadhi mafaili mtandaoni haziombi nywila kila mara, bali hutumia tokeni, ambayo ni hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba mtumiaji alikwisha kuingia. Ili kuzikatiza tokeni hizo katika huduma za Microsoft, msimamizi hutumia amri kama hii:

```
Revoke-MgUserSignInSession -UserId afisa@mfano.org
```

Amri hiyo huzuia tokeni mpya zisitolewe kwa kutumia kibali cha zamani, lakini tokeni ya ufikiaji iliyokwisha kutolewa kwa kawaida huendelea kufanya kazi hadi muda wake uishe, ambao kwa mpangilio wa kawaida ni kati ya dakika 60 na 90. Zipo huduma zinazoweza kuikata mapema, ila mwandishi asiyekuwa na uhakika kuhusu huduma husika anapaswa kuhesabu muda mrefu zaidi. Muhtasari makini utaandika kwamba vikao vilikatizwa saa fulani, na kwamba udhibiti wa njia hiyo unahesabiwa kukamilika dakika 90 baadaye. Vyeti vya kuingilia mtandao wa ndani, funguo za kuingilia seva na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari ni njia nyingine ambazo kubadilisha nywila ya akaunti kuu hakuzigusi.

Mpangilio wa hatua hizi pia una maana. Timu inayokimbilia kufuta kifaa kabla ya kuhifadhi kumbukumbu za mfumo wa usimamizi inaweza kupoteza saa ya mwisho ya mawasiliano, anwani ya mtandao iliyotumika na hali ya usimbaji iliyoripotiwa mwisho, ambavyo ndivyo vitu pekee ambavyo ofisi inavijua kuhusu kompyuta isiyokuwa mikononi mwake. Kukatiza vikao hakungoji, ila kufuta hungoja dakika chache za kuhifadhi.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni, uliojengwa kwa mambo ya kawaida, wa afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo mjini Mombasa. Ijumaa saa 18:50 afisa huyo alifunga kifuniko cha kompyuta mpakato bila kuizima, akauweka mkoba chini ya kiti cha gari, na saa 21:40 aliporejea alikuta kioo kimevunjwa na mkoba haupo. Jumamosi alikwenda kituo cha polisi, akapewa namba ya OB, akaamini ametimiza wajibu wake. Jumatatu saa 08:15 alimweleza msimamizi, ambaye baada ya kikao cha asubuhi alipiga simu kitengo cha TEHAMA saa 10:05. Vikao vya akaunti vilikatizwa saa 10:20, akaunti ikazuiwa saa 10:25, kumbukumbu zikahifadhiwa, amri ya kufuta ikatumwa saa 10:40, na cheti cha kuingilia mtandao wa ndani kikabatilishwa saa 11:00 na kujaribiwa kutoka kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba kinakataliwa.

Kumbukumbu zilionyesha mambo mawili. Kwanza, diski iliripotiwa kuwa imesimbwa, na ripoti ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa 15:30 UTC, yaani 18:30 kwa saa za Mombasa, dakika 20 kabla ya kifuniko kufungwa. Pili, kompyuta iliwasiliana na mfumo Jumamosi 23:12 UTC, ambayo ni Jumapili 02:12 kwa saa za Mombasa. Mwandishi mwenye haraka angeiandika ile ya pili kuwa ni Jumamosi usiku, na mwenye hofu angeandika kwamba mwizi aliingia kwenye kompyuta. Yote mawili si sahihi. Mawasiliano hayo yanathibitisha kwamba kompyuta ilikuwa imewaka na imepata mtandao, jambo linaloweza kutokea kwenye skrini iliyofungwa bila mtu yeyote kuingiza nywila, na hayathibitishi kwamba faili lolote lilifunguliwa. Uthibitisho wa kuingia ungetafutwa katika kumbukumbu za akaunti baada ya Ijumaa 18:50, na kama hakuna kilichoonekana huko, muhtasari utasema kwamba hakuna kilichoonekana katika kumbukumbu zilizokaguliwa, na utazitaja kumbukumbu hizo.

Usimbaji nao ulihitaji kuelezwa kwa uangalifu. Diski iliyosimbwa kwa BitLocker hulindwa vizuri kabisa kompyuta ikiwa imezimwa na ikihitaji namba ya siri kabla ya kuwaka, lakini kompyuta iliyofungwa kifuniko tu huwa katika hali ya usingizi, na ufunguo wa kuisomea diski hubaki katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kuutoa ufunguo huo kunahitaji ujuzi na vifaa ambavyo mvunja vioo vya magari kwa kawaida hana, na betri ikiisha nafasi hiyo nayo hupungua sana. Hivyo hukumu ya haki ni kwamba hatari ni ndogo, na sababu zake zitajwe, kwa kuwa kuandika tu kwamba diski imesimbwa humwachia msomaji kudhani kwamba hatari haipo.

Kisha likaja jambo lililobadilisha sura ya tukio. Saa 14:30 afisa alihojiwa mara ya pili, na safari hii aliulizwa kila kitu kilichokuwamo kwenye mkoba badala ya kuulizwa kuhusu kompyuta peke yake. Alikumbuka flashi aliyoitumia kupeleka orodha ya wakopaji kwenye tawi. Flashi haikuwa imesimbwa. Nakala ya faili hilo ilikuwapo kwenye folda ya ofisi, nayo ilikuwa na majina, namba za vitambulisho, namba za simu na salio la mikopo la wanachama 1,860. Mfanano na tukio la Maryland ni wa kweli, kwani huko nako diski ya nje ndiyo iliyoupa wizi wa kompyuta uzito wake. Kuna sababu ya kuliona jambo hili likijirudia: mtu aliyeibiwa huwa na fikra juu ya kitu cha thamani kubwa sokoni, na flashi ya bei ndogo haimjii akilini hadi aulizwe.

Muhtasari wa saa 15:30, ambao ni toleo la pili, ungeweza kusomeka hivi: Nyakati zote ni za Afrika Mashariki, kwa mtindo wa saa 24. Kompyuta mpakato moja na flashi moja ziliibwa kutoka kwenye gari Ijumaa kati ya 18:50 na 21:40, kwa maelezo ya mhusika, na namba ya OB imeambatishwa. Mhusika aligundua 21:40. Msimamizi alijua Jumatatu 08:15. Timu ya usalama ilijua 10:05. Kupotea kwa flashi kulijulikana kwa timu 14:30. Diski ya kompyuta iliripotiwa kusimbwa mara ya mwisho Ijumaa 18:30, na kompyuta ilikuwa katika hali ya usingizi ilipochukuliwa. Flashi haikusimbwa, na ina orodha ya wakopaji 1,860 kwa mujibu wa nakala ya ofisini, ambayo mhusika ameithibitisha kuwa ndiyo. Kompyuta iliwasiliana na mfumo Jumapili 02:12; hakuna kuingia kwenye akaunti kulikoonekana kati ya Ijumaa 18:50 na Jumatatu 10:25. Vikao vilikatizwa 10:20, udhibiti wake unahesabiwa kukamilika 11:50. Cheti kimebatilishwa na kujaribiwa 11:00. Kufuta kwa mbali kuliagizwa 10:40, bado hakujatekelezwa. Kwa flashi hakuna udhibiti wa kiufundi unaowezekana.

Sentensi ya mwisho ya muhtasari huo ni ngumu kuiandika, na ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Flashi haiwezi kufutwa kwa mbali wala kufungiwa akaunti, na kinachobaki ni kuwatahadharisha wanachama na kuwaandaa watumishi wa matawi kwa simu za matapeli watakaojua salio la mkopo la mtu hadi shilingi ya mwisho. Muhtasari ambao ungesema tukio limedhibitiwa, kwa kuwa kompyuta imeshughulikiwa, ungezichelewesha hatua hizo mbili.

Hesabu ya saa pia huonekana vizuri hapa. Kati ya ugunduzi wa mhusika na habari kufika kwa timu zilipita saa 60 na dakika 25. Chama kikihesabu saa 72 kuanzia pale msimamizi alipojua, kina muda hadi Alhamisi 08:15. Kikihesabu kuanzia mhusika mwenyewe, ambaye naye ni mtumishi wa chama na alijua alichokibeba, muda unaisha Jumatatu hiyohiyo saa 21:40, saa sita na dakika kumi baada ya toleo la pili kuandikwa. Wanasheria wanaweza kubishana ni mwanzo upi ulio sahihi, lakini busara ni kutuma taarifa ya awali kabla ya 21:40 na kuijazia baadaye, kwa kuwa Kamishna akiletewa taarifa yenye mapengo mapema ana la kufanya nayo.

Uvujaji usiokuwa na kifaa, kwa mfano folda ya mtandaoni iliyoachwa wazi kwa umma, hufuata mantiki hiyohiyo ila kwa tofauti moja: wakati wa kutokea huwa ni siku mpangilio ulipobadilishwa, ambayo inaweza kuwa miezi kabla ya ugunduzi, na kumbukumbu za waliofungua folda huenda zimekwisha kufutwa kwa utaratibu wa kawaida. Swali la kwanza la muhtasari wa namna hiyo ni kumbukumbu zinarudi nyuma hadi siku gani, na kipindi kisichokuwa na kumbukumbu kiandikwe kuwa hakijulikani.

Hapo ndipo penye kosa linalostahili kukemewa kuliko mengine, nalo ni kuandika kwamba hakuna ushahidi wa matumizi mabaya pasipo kusema kama ushahidi huo ungeweza kuonekana. Vifaa vya Maryland vilipatikana mwishoni mwa Juni 2006, na baada ya uchunguzi wa FBI ilielezwa kwa uhakika mkubwa kwamba data haikuguswa. Wachunguzi walizungumza kwa kiwango cha uhakika badala ya kukata kauli, na walikuwa na haki, kwa sababu diski inaweza kunakiliwa yote kwa kifaa kinachozuia kuandikwa juu yake, na unakili huo usiache alama. Hata hivyo, Januari 2009 idara ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza madai ya wanajeshi hao, ambao kwa wiki kadhaa waliishi wakihofia kwamba majina yao yangetumiwa na matapeli.

Muhtasari wa tukio usitangazwe kuwa umefungwa kwa sababu siku zimepita au kwa sababu hakuna mlalamikaji aliyejitokeza. Kila njia ya kuifikia data iwe na saa ya uthibitisho mbele yake, au iwe na maneno yanayosema wazi kwamba haiwezi kudhibitiwa, pamoja na jina la mtumishi aliyebeba jukumu la hatua mbadala na tarehe ya kulitolea taarifa. Amri ya kufuta inayosubiri kompyuta isiyowashwa ibaki katika orodha ya mambo yaliyo wazi, hata ikiwa ni kwa mwaka mzima.